Barua ya Kukataa Birika

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia niliwahi kusimamia miradi ya maji Turkana, hunitazama kama niliyezaliwa na buti miguuni. Ukweli ni kwamba niliogopa karibu kila kitu. Niliogopa barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma jua linapoanza kushuka, niliogopa simu za bosi, na zaidi ya yote niliogopa kumwambia mtu hapana akiwa amekaa mbele yangu. Kwa bahati mbaya, nusu ya kazi ya msimamizi wa mradi ni hiyo.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Nje kidogo ya Kakuma kulikuwa na zahanati iliyokuwa na kila kitu isipokuwa maji. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na mtungi wake, na ndugu zake wakileta mwingine wa kuoshea. Muuguzi aliyeiongoza, ambaye wote walimwita daktari, alinionyesha siku ya kwanza sinki jeupe la chumba cha uzazi. Lilikuwa limejaa kadi za kliniki, kwa kuwa halikuwahi kupata kazi nyingine. Shirika moja lilitoa pesa za kufunga pampu ya sola kwenye kisima kirefu kilichokwisha kuchimbwa, kujenga tangi, kulaza bomba mpaka zahanati, na kuweka vioski viwili vya maji, kimoja upande wa wenyeji na kingine upande wa kambi ya wakimbizi. Kampuni yetu ndogo ya Lodwar ikapewa kazi. Mkataba wa ufadhili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi wa tisa. Pesa ambayo ingekuwa haijatumika siku hiyo ingerudi ilikotoka, na kazi isiyokwisha ingebaki hivyo hivyo.

Nililala na kuamka na tarehe hiyo. Nilikuwa nimeona tayari, kwingine, tangi lisilo na bomba na bomba lisilo na tangi, na watoto wakiviparamia wakicheza. Nikiwaza sinki lile la daktari likibaki na kadi zake, nilifungua ratiba na kuhesabu siku upya.

Mwezi wa sita, bomba likiwa limekwisha kulazwa zaidi ya nusu, ikaja barua ya kamati ya maji. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa kalamu ya buluu, na kutiwa sahihi na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyeuza sukari, tumbaku na shanga kando ya zahanati, mama mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto mkavu na mtu huyo akageuka. Kamati iliomba kitu kimoja tu kiongezwe: birika la kunyweshea mifugo.

Hakukuwa na ubaya wowote katika ombi lile. Mvua ilikuwa imekataa. Mbuzi walikuwa mbali, huko upande wa Oropoi, na mtu yeyote anayejua Turkana anajua kwamba kuwaletea watu maji na kuwasahau mbuzi wao ni kufanya kazi nusu. Kama ningekuwa wao, ningeomba birika kabla ya kuomba bomba la zahanati. Lakini halikuwa kwenye mkataba.

Nilikaa na ombi hilo wiki nzima, sikulitupa. Nilimpigia aliyekipima kisima. Akanieleza kwamba kilipimwa kwa kiwango cha mahitaji ya zahanati na vioski, basi. Kujua kama kingebeba zaidi ilibidi kipimwe upya, kuvutwa maji kwa nguvu zaidi na kuangalia yanashuka kwa kasi gani na kurudi kwa kasi gani. Kikishindwa, kisima kingine. Kikiweza, pampu kubwa zaidi, ambayo Nairobi hawakuwa nayo dukani ila kwa kuagiza, na paneli za sola za kuongeza, na kibali cha matumizi ya maji kufanyiwa marekebisho, na birika lenyewe kujengwa mbali na kisima, upande wa mteremko, ili mavi ya mifugo yasirudi kwenye maji ya watu. Nikazipanga kazi hizo moja baada ya nyingine, zile zinazoweza kwenda pamoja nikazipeleka pamoja. Hata nilipozibana, mradi wote ulisogea mbele wiki kumi na nne. Gharama iliongezeka kwa karibu theluthi ya bajeti, na akiba ya dharura tulikuwa tumeshaitumia yote mwezi wa nne, mafuriko ya siku moja yalipokula mtaro wetu kwenye kivuko cha mto.

Wiki kumi na nne zilivuka mwisho wa mwezi wa tisa na kuuacha nyuma kabisa. Nikijaribu kuwapa birika, wangekosa birika na zahanati ikakosa maji. Kwa hiyo nikaandika barua ya kukataa. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

“Tumelipokea na kulipima ombi lenu la birika la mifugo. Birika halimo katika mkataba wa sasa, na hatutalijenga katika mradi huu. Kulijenga kungehitaji kupima kisima upya, pampu kubwa zaidi, paneli za ziada na marekebisho ya kibali. Hayo yangechelewesha mradi kwa wiki kumi na nne, wakati ufadhili unafungwa mwisho wa Septemba. Gharama ingeongezeka kwa karibu theluthi moja, na hakuna akiba ya kuilipia. Tukianza kazi hiyo, maji ya zahanati na vioski hayatakamilika. Tunachoweza kufanya ni kuacha tawi la bomba lililozibwa, ili birika liweze kuunganishwa siku ambayo kisima kitapimwa na fedha kupatikana, na kulipendekeza ombi lenu kwa ofisi ya maji ya kaunti.”

Nikampelekea bosi wangu, mzee wa Lodwar mwenye adabu nyingi, aliyewahi kukaa ofisi za serikali muda mrefu. Akaisoma akikuna shingo.

“Hii ni kali,” akasema. “Hatutalijenga. Sasa huyu mama atawaambia nini watu wake?”

“Kwamba hatutalijenga.”

“Weka ‘kwa sasa’. Ombi lenu halitawezekana kwa sasa. Mtu hakataliwi hivyo, madam.”

Kila barua niliyowahi kupokea maishani mwangu kutoka ofisi yoyote ilikuwa na “kwa sasa” ndani yake. Nafasi hazipo kwa sasa, daktari hayupo kwa sasa. Sote tunajua maana yake, tunakunja karatasi na kwenda zetu. Nikaweka hiyo badala ya “hatutalijenga”, na moyo wangu, nakiri, ulitulia kidogo, maana hata mimi niliona sasa barua imepoa.

Barua hutumwa na nakala zake, hii kwa shirika, hii kwa kaunti. Lakini jambo la maji halimalizwi na bahasha, hivyo ikabidi niende kuisoma barazani. Tulikutana kwenye kanisa la mabati karibu na zahanati. Joto lilikuwa la kukausha macho. Wanaume waliketi kwenye vigoda vyao vidogo upande mmoja, wanawake chini upande mwingine, na mimi mbele na barua yangu. Naibu wa chifu alitafsiri. Nilisoma kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, naye akaipeleka kwa Kiturkana, kwa sauti ya upole sana. Nilipofika kwenye wiki kumi na nne waliguna. Nilipofika kwenye tawi lililozibwa wakainua vichwa. Nilipomaliza, mzee mmoja akasema maneno machache, na kanisa zima likaitikia, “Ejok.”

Ejok nilikuwa nimeizoea. Ni salamu, ni jibu la salamu, ni sawa, ni vizuri.

“Wamesikia,” akaniambia naibu wa chifu. “Wamekubali. Hakuna shida, madam.”

Nilirudi Lodwar nikiimba garini, mimi ambaye siimbi.

Lakini uoga wangu una pua, na haukunipa raha. Walikuwa wamekubali upesi mno. Watu waliokuwa wanaomba maji ya mifugo yao, ukame umewashika koo, wanasema sawa na kwenda kunywa chai? Usiku nilijiambia kwamba watakuja kuvunja bomba. Mchana nilijiambia kwamba nimezidi kuwaza. Nikamwagiza fundi wetu wa mabomba afunge tawi lile tulilowaahidi, alizibe kwa kifuniko cha chuma, aniarifu akiona lolote.

Fundi huyo alikuwa Mkongomani aliyeishi kambini, mtu wa mikono safi na maneno machache. Baada ya siku chache akanipigia asubuhi, nami nikajua kabla hajasema.

“Shefu, kuya uone. Batu beko banachimba huku.”

“Wanachimba bomba letu?”

“Hapana. Beko banachimba yao shimo. Pale kwa ile bomba tulifunga. Shimo murefu.”

Nilimwita dereva kabla simu haijakatika. Walikuwa wanachimba birika. Wenyewe, kwa majembe na mikono, mbele ya tawi nililoliacha likiwatazama kama ahadi.

Nilichokiogopa mwanzo kilikuwa hasira. Sasa niliogopa kitu kibaya zaidi, kwamba walikuwa na furaha. Na nilipofika niliikuta. Wanawake walikuwa wakichota mchanga kwa sufuria na kuumwaga kando, wakicheka. Shimo lilikuwa na urefu wa magari mawili, limelainishwa kingo kwa udongo wa mfinyanzi. Mwenyekiti alinikimbilia na kunishika mikono yote miwili.

“Madam! Umeona? Ile theluthi yako tumepunguza. Sisi tumechimba bure. Wewe fungua tu.”

“Mama mwenyekiti,” nikasema, “barua ilisema hakuna birika.”

“Ilisema bado.”

“Haikusema bado.”

“Ilisema. Naibu alisema hapa mbele ya watu. Bado. Halafu ukaleta bomba yake, ukafunga, ukaelekeza hapa. Mtu anaweka mlango kwa nyumba kama hataingia?”

Naibu wa chifu alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Nikamuuliza alikuwa ameitafsirije “kwa sasa”. Akajibu bila kusita, kwa kuwa hakuona kosa lolote. Kitu ambacho hakiwezekani sasa, akasema, ni kitu ambacho bado. Angekitafsiri vipi vingine? Alikuwa amelichukua neno la bosi wangu kama lilivyo. Sisi wa ofisini ndio tuliolizoea kwa maana isiyokuwa yake.

“Sawa,” nikasema, nikijaribu kutabasamu. “Shimo si hasara. Litakaa, siku moja—”

“Kaka yangu yuko njiani,” mwenyekiti akasema.

“Njiani wapi?”

“Kutoka Oropoi. Na mbuzi. Nilimpigia siku ile ya baraza, nikamwambia maji iko inakuja, asipeleke mbuzi milimani kule kwa maji ya watu wengine, alete huku. Na jirani zake wamemfuata.” Alisema kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyefanya jambo la busara kwa ajili ya ukoo. Kisha akaniangalia usoni, na majivuno yakaanza kumtoka. “Watafika kesho. Mbona unakaa hivyo?”

Niliogopa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote niliyofanya kazi. Pampu ilikuwa bado kwenye sanduku lake ghalani Lodwar. Kwenye kisima kulikuwa na kifuniko tu. Hakukuwa na tone la kuwapa, hata kama ningetaka kuwapa kwa siri, hata kama ningekubali kuharibu mradi mzima. Na mbuzi wale walikuwa wameshaacha maji waliyoyajua nyuma yao. Watu walikuwa wameacha kuchimba, wananitazama. Nilifikiria kusema tutaona. Nilifikiria kusema nitazungumza na ofisi. Maneno hayo yalikuja yenyewe mdomoni, yamejipanga foleni.

“Hapana,” nikasema. “Mama, hapana. Hakuna birika. Si kesho, si mwezi ujao, si katika mradi huu. Pampu haijaja, na ikija itatosha zahanati na vioski. Tukigawa, kisima kinaweza kukauka, pampu iungue, na wote mkose. Mpigie kaka yako sasa hivi.”

Naibu wa chifu alifungua mdomo kutafsiri. Mwenyekiti akamzuia kwa mkono, akageuka, akawaambia watu wake yeye mwenyewe, kwa maneno machache ya Kiturkana. Hakuna aliyeitikia ejok. Mwanaume mmoja alitupa jembe ndani ya shimo, na mlio wake ulinifanya niruke. Dereva wangu akawasha gari. Nilimwona kwa pembe ya jicho akinipungia mkono nije, na miguu yangu ilitaka sana kwenda.

Mwenyekiti alipiga simu. Haikupita. Akapiga tena. Huko walikokuwa hakukuwa na mtandao, na kila mtu pale alijua.

Nililala zahanati, kwenye benchi la wagonjwa. Daktari alinipa shuka, akasema watu wakija kuvunja bomba atapiga kelele. Nadhani alitaka kunichekesha. Hawakuja. Walikuja mbuzi, asubuhi, vumbi kwanza halafu sauti zao, sauti za kukwaruza, za wanyama waliokwisha kulia sana. Walikuwa wengi kuliko nilivyoogopa. Walinusa zege letu bichi la msingi wa tangi, ambalo fundi alikuwa akilimwagilia maji ili lisipasuke, na wakaanza kulikimbilia.

Fundi alikuwa na tangi la plastiki la maji hayo ya ujenzi, yaliyoletwa na boza, lori la maji. Aliniangalia. Zege lisiponyweshwa siku zile za mwanzo halishiki vizuri, na kurudia msingi kungekula siku ambazo hatukuwa nazo. Boza jingine lingefika baada ya siku mbili.

“Acha ya kumwagilia mpaka boza lije,” nikasema. “Yanayobaki wape.”

“Hayatatosha, shefu.”

“Najua.”

Akafungua. Wale wadogo walinyweshwa kwanza kwa sufuria zile zile za kuchotea mchanga, kisha wanaonyonyesha. Wanaume waliwazuia wengine kwa fimbo, wakapiga wanyama wao wenyewe puani, na mbuzi wakapanda migongoni mwa wenzao. Nilisimama nyuma ya mlango wa gari, nimeushika kwa mikono miwili. Maji yaliisha upesi. Kaka wa mwenyekiti, mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, alizungumza na dada yake kwa sauti ya chini. Hakunitazama hata mara moja. Kisha wakawakusanya mbuzi waliokuwa na nguvu na kuwapeleka kwenye visima vya mchangani vya mto Tarach, kwenda kuomba na kugombania zamu na wenye visima vile.

Maji yalifika zahanati kabla Septemba haijaisha. Daktari aliondoa kadi kwenye sinki. Mwenyekiti alitia sahihi ya kupokea mradi, kwa kalamu ya buluu, na kunipa mkono. Barua yangu iliwekwa kwenye faili na mkaguzi mmoja kutoka Nairobi akaisifu, kwamba imeeleza vizuri athari za ombi kwenye ratiba na gharama. Hayo yote yalitokea, na ni kweli.

Lakini asubuhi ile, kabla sijaondoka, walibaki mbuzi ambao hawakuweza kusimama. Walichinjwa pale pale kando ya shimo, mmoja baada ya mwingine, ili wasife bure. Moshi ukapanda. Nilikuwa nimeshaingia garini mwenyekiti alipokuja dirishani na kipande cha nyama juu ya bati, kimekonda, karibu mfupa mtupu.

Nilimwambia sina njaa. Kusema kweli niliogopa kukigusa.

“Kula,” akasema. “Barua yako ilisema gharama ya pampu, gharama ya sola. Hii hukuandika.”

Alisimama pale na bati lake, bila hasira niliyoweza kuiona, akingoja. Dereva alizima gari. Nikala, na yeye akanitazama mpaka nikamaliza.